Mkono wa Mama Drusilla

Alfayo Ogari alikuwa mtu wa kujulikana kwa utaratibu wake. Pale ng'ambo ya Marani, ukimtuma Alfayo sokoni, alirudi na ulichomwagiza, na shati lake la Sabato lilikuwa limepigwa pasi hata kama viatu vilikuwa vimekwisha. Ndiyo maana lililotokea mwaka wa 1968 liliwashangaza wengi. Yeye mwenyewe lilimshangaza kuliko wote.

Alikuwa kibarua wa kiwanda cha chai. Majani yalipopungua, vibarua wakaambiwa warudi nyumbani mpaka mvua. Alfayo hakumwambia mkewe, Bochaberi, ambaye alikuwa na mimba. Kila asubuhi alivaa kama kawaida, akaaga, akashinda kando ya mto mpaka jioni. Siku zikawa nyingi. Uongo ukadai ulishwe, naye hakuwa na cha kuulisha.

Ndipo akaikumbuka redio ya marehemu mzee Ratemo. Mjane wake, Mama Drusilla, aliiweka mezani ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, haiguswi. Mama huyo ndiye aliyemfundisha Alfayo kusoma Biblia akiwa mtoto kanisani. Alfayo alijiambia kwamba redio isiyosikilizwa haimfai mtu, na kwamba mjini Kisii angepata mnunuzi asiyeuliza maswali.

Alichagua Jumamosi, siku ya Sabato, watu wote wakiwa kanisani. Mlango wa Mama Drusilla ulikuwa umerudishwa tu, hauna kufuli. Aliusukuma kwa kiganja, akaingia, akaifunga redio katika kitambaa chake. Akageuka kutoka, na hapo mlangoni alikuwa amesimama Mama Drusilla. Goti lilikuwa limemsumbua tangu asubuhi, akabaki bustanini nyuma ya nyumba.

"Alfayo?" alisema, kama mtu anayeuliza jina la mgeni.

Mama akaushika mzigo kwa mikono miwili. Hakupiga kelele, aliushika tu. Alfayo akavuta, mama hakuachia. Ndipo akamsukuma kifuani. Mama Drusilla akaanguka kwenye jiwe la kizingiti, na Alfayo akasikia mfupa ukilia. Akamruka, akakimbia na mzigo kwapani. Hakufika hata barabarani. Wanaume waliokuwa wakitoka ibadani walimkuta amesimama kando ya ua, redio bado kwapani.

Kituoni, koplo mmoja mwenye sauti ya upole alimsomea makosa mawili: kuvunja nyumba, na unyang'anyi wa kutumia nguvu.

"Afande, sikuvunja kitu," Alfayo alisema. "Mlango haukuwa na kufuli."

"Ulikuwa wazi, au umerudishwa?"

"Umerudishwa."

"Ukausukuma?"

"Nikausukuma."

"Basi umevunja. Sheria haingoji bawaba ing'oke. Kitu kilichofunga njia ukikifungua, hata kwa kidole, ukaingia ili uibe, umevunja nyumba. Shukuru ilikuwa mchana. Ingekuwa usiku, kosa lina jina jingine na kifungo kirefu zaidi."

"Na hilo la pili? Mimi niliiba tu, afande."

Koplo akaweka kalamu chini. "Kama ungeichukua redio ukaondoka mama akiwa bado bustanini, hapo ni wizi. Ulipomsukuma ili ubaki na redio, ukauvuka wizi. Nguvu ile ndiyo unyang'anyi. Miaka kumi na minne inaweza kukufika kwa hilo."

Alfayo hakuisikia vizuri ile hesabu. Alichosikia ni neno kumsukuma. Alikuwa akijiambia usiku kucha kwamba mama aliteleza.

Kesi ilisikilizwa mahakama ya Kisii. Bochaberi alikaa nyuma, tumbo limekua. Mama Drusilla aliitwa, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa cheupe. Akaapa kwa Biblia. Akaeleza kwamba alimkuta Alfayo ndani, mlango ambao yeye aliurudisha ukiwa umefunguliwa. Mkalimani akamgeuzia hakimu maneno yake.

"Kisha alikufanya nini?" akauliza mwendesha mashtaka, inspekta mrefu asiyekuwa mtu wa Kisii.

Mama Drusilla akamtazama Bochaberi. "Hakunifanya kitu. Niliteleza."

Inspekta akashtuka. "Kituoni ulisema alikusukuma."

"Nilikuwa na maumivu. Niliteleza kwenye jiwe. Sikuugusa mzigo wake, wala yeye hakunigusa."

Inspekta akajaribu tena na tena. Mama alibaki pale pale, jasho likimtoka usoni. Alfayo alikuwa mtu wa kanisa. Alielewa kilichokuwa kikitendeka. Mwanamke aliyemfundisha amri kumi alikuwa amesimama na mkono uliovunjika, akiivunja moja yazo kwa sauti, kwa ajili yake.

Hakimu akamweleza Alfayo, kupitia mkalimani, kwamba anaweza kutoa ushahidi kwa kiapo, au kusema bila kiapo, au kunyamaza. Askari aliyesimama karibu akamnong'oneza, "Nyamaza. Bila kusukuma, unyang'anyi umekufa. Utabaki na kuvunja nyumba na wizi."

Alfayo akashika ubao wa kizimba.

"Nataka kuapa," alisema.

Akaapa. Kisha akasema polepole ili mkalimani asipoteze neno. "Mlango niliusukuma mimi. Redio ilikuwa mkononi mwangu. Mama aliishika, akakataa kuiachia. Nikamsukuma ili aiachie. Hakuteleza. Mkono wake niliuvunja mimi."

Nyuma, Bochaberi alifunika uso kwa leso. Mama Drusilla alikuwa bado kwenye benchi la mashahidi, naye hakulia. Alimtazama Alfayo kwa hasira ambayo hakuwahi kuiona usoni mwake, hata siku ile ya mlangoni.

Hakimu alimpata na hatia kwa makosa yote mawili. Akasema amezingatia kwamba mshtakiwa amesema kweli iliyomdhuru mwenyewe. Akampa miaka mitatu kwa unyang'anyi pamoja na viboko, na miwili kwa kuvunja nyumba, vifungo vyote viende pamoja.

Gerezani, watu walimwita mjinga. Bochaberi aliandikisha jina la mtoto, Kemuma, bila baba kuwepo. Alipokuja kumtembelea, habari aliyomletea ndiyo iliyomlemea kuliko viboko: wazee wa kanisa walimsimamisha Mama Drusilla ushirika kwa kusema uongo juu ya Biblia.

"Anamlaumu nani?" Alfayo aliuliza.

"Haongei habari zako," Bochaberi alijibu.

Alitoka baada ya kama miaka miwili, kwa mwenendo mzuri. Siku ya tatu alikwenda kwa Mama Drusilla. Mkono ulikuwa umepona umepinda. Alikuwa akimenya ndizi kwa kisu kilichoshikwa kwa shida.

"Nimekuja kuomba msamaha kwa kukusukuma," alisema, amesimama nje.

"Huo nilikupa zamani," mama alisema bila kuinua kichwa. "Nilikupa mahakamani. Wewe ukaukataa mbele ya watu, ukaniacha nimesimama pale mwongo."

"Mama, singeweza kukuacha uape uongo kwa ajili yangu."

"Nilijua ninachofanya. Wewe ulitaka moyo wako upumue. Uliniuliza?"

Alfayo akaaga, akaondoka. Njiani alijaribu kutafuta jibu, na kwa miaka mingi aliendelea kulitafuta. Alijua alisema kweli. Alijua pia kwamba kweli ile aliisema, kwa kiasi fulani, ili ajisikie mwepesi, na mzigo ukaenda kumwangukia mtu yule yule ambaye yeye alikuwa amemwangusha mara ya kwanza.

Alipata kazi ya kuchoma matofali. Kila Jumapili alilima shamba la Mama Drusilla, naye mama hakumkataza wala kumshukuru. Chakula cha Alfayo alikiacha juu ya jiwe, kimefunikwa. Ushirika wa Mama Drusilla ulirudishwa mwaka wa 1972. Siku hiyo Alfayo alikaa kiti cha mwisho kabisa kanisani, asijue kama ana haki ya kufurahi.

Msimu mmoja wa kupalilia, mama alitoka na kibuyu cha maji, akasimama ukingoni mwa shamba.

"Yule mtoto wako," alisema, "anajua kusoma?"

"Bado, Mama."

"Mlete. Nitamfundisha."

Alfayo aliinamia jembe akaendelea kulima, kwa sababu hakutaka mama aone uso wake. Wiki iliyofuata alimleta Kemuma, akamwacha mlangoni, akarudi shambani. Kutoka huko aliisikia sauti ya mama ikitaja herufi, na sauti ndogo ikizirudia.

Hakuingia ndani. Mama hakumkaribisha, naye hakuomba.