Vibuyu vya Mwalimu Dhadho

Changawa, dereva wa lori la mahindi, alinikuta ofisini Hola mwaka 1959 nikipiga taipu. Alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Bwana Komora, funga mashine," alisema. "Kaka yako ametutoka alfajiri. Ile homa."

Nilimuuliza kaka yupi, nami sina ila mmoja. Alinifungulia mlango wa lori.

Njia nzima hadi Garsen nilimwomba Mungu anipe uso wa kaka yangu Dhadho, lakini kila mara nilimwona ameinama juu ya meza ya mama, miaka mitatu nyuma, akiandika barua.

Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu huko pwani. Alikuja Garsen kufundisha kwa majaribio, na mkufunzi wake, Bwana Jefwa, akaja kumpima kwa somo moja la hesabu: painti na galoni. Dhadho aliwaambia watoto walete vibuyu vya nyumbani, akawatoa nje karibu na mapipa ya maji, wapime wenyewe. Mimi nilikuwa likizoni kutoka sekondari. Nilisimama kando ya ua nikitazama.

"Chenu cha kunyweshea kuku!" alipaza sauti Huka, mtoto wa wafugaji, akiinua kibuyu cha maziwa cha mama yake.

"Na chenu kinanuka moshi!" wakajibu watoto wa wakulima. "Mimina tuone!"

Wakamimina, wakahesabu, wakabishana, wakapima tena. Kengele ililia, hakuna aliyeisikia. Bwana Jefwa mwenyewe hakuwapo mwishoni, alikuwa ameitwa kwenye gari lake lililokwama matopeni.

Matokeo yalikuja kwa posta: alama arobaini na sita. Kufaulu ni hamsini. Aliyeanguka alirudia mwaka, na nafasi ya Garsen ingepewa mtu mwingine. Kwenye vifaa alipewa nne kati ya kumi na tano, na maneno haya: "Hakutumia ubao hata mara moja."

Dhadho alitoa karatasi ya masharti ya kutoa alama, ile waliyogawiwa chuoni kabla ya majaribio, akaisoma polepole. Kisha akaandika:

"Bwana Jefwa mheshimiwa, nakushukuru kwa kuja kwetu na kwa maonyo yako, nami sitaki kushindana na mwalimu wangu. Naomba tu uangalie tena sharti la tatu. Limesema vifaa vifae somo, vionekane na watoto wote, na watoto wavishike wenyewe. Ubao haukutajwa. Vibuyu vilikuwa mikononi mwa kila mtoto. Ukiona nimelielewa vibaya sharti hili, nitakubali alama ulizonipa."

Nilifurahi. Nikamwambia aweke sahihi. Lakini aliendelea:

"Tena, sharti la sita lataka somo liishe kwa wakati. Umenipa nane kati ya kumi. Ulikuwa garini, Bwana. Nilipitiliza karibu robo saa."

"Kaka, una wazimu?" nilisema. "Hilo hakuliona!"

"Mimi nililiona."

"Atakupunguzia! Utaanguka kwa mkono wako mwenyewe!"

"Siwezi kumwonyesha sharti moja nikalifunika la pili kwa kiganja, ndugu yangu. Lete bahasha."

Mama alicheka jikoni. "Mwache. Tangu mdogo akila kipande cha samaki kwa siri, husema mwenyewe."

Tulingoja. Jioni Dhadho alikwenda shuleni, akakaa peke yake katika darasa tupu. Nilijua anachokiogopa: kuona mtu mwingine akisimama pale.

Jibu lilikuwa fupi. "Nimeyasoma masharti upya. Vifaa: kumi na tatu. Ubao ni mazoea yangu, si sharti. Muda: nne. Jumla hamsini na moja. Umefaulu. Nunua saa."

Hakununua. Alifundisha Garsen miaka miwili na miezi kadhaa, akipitiliza kengele, hadi homa ilipomlaza. Hadi leo, usiku nikiwa Hola humwomba Mungu aniruhusu niisikie tena sauti yake ikisema, "Lete bahasha," hata mara moja. Namshukuru kwa miaka aliyotupa. Bado naitaka sauti.

Tulimzika asubuhi iliyofuata safari ile ya lori. Mchungaji alisoma, tukaimba, tukashusha sanduku. Ilikuwa kiangazi na udongo ulikuwa vumbi tupu, upepo ukaanza kuupeperusha tulipokuwa bado tunafukia. Mwalimu mkuu akawatuma watoto mtoni. Walirudi na vibuyu. Huka, sasa kijana mrefu, alikuja na kile cha maziwa, akasimama na wenzake kwenye mstari. Kila mmoja alimimina maji yake juu ya kaburi, udongo ukatulia. Mchungaji akaomba. Nilimshika mama mkono, tukarudi nyumbani.