Mzee Wangu na Uniti ya Mia na Hamsini na Moja

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alikuwa karani wa ghala kwa miaka thelathini. Alipostaafu akakosa magunia ya kuhesabu, akahamia kwenye mita ya umeme. Kila asubuhi, hata uso hajanawa, hupanda kigoda, akaisoma na kuandika daftarini. Ya leo toa ya jana, hizo ndizo uniti tulizokula. Ukipiga pasi gauni lako, jioni utahojiwa kama mwizi.

Bei yenyewe inakwenda kwa ngazi. Uniti hamsini za kwanza ni mia mia, mia moja zinazofuata ni mia mbili na hamsini kila moja, na baada ya hapo ni mia tatu na hamsini.

Mwezi mmoja tulianza na 7,214. Zikiwa zimebaki siku tatu mita ikasoma 7,364. Mzee akashuka, akazima swichi kubwa.

"Mia na hamsini kamili," akasema. "Tukiongeza moja tu, zote zinageuka za mia tatu na hamsini. Elfu thelathini inakuwa elfu hamsini na mbili na ushei."

Nilikuwa na mayai sitini kwenye mashine ya kuangulia, siku ya kumi na tisa. Yakipoa, kazi yote bure.

"Na mayai yangu, mzee?"

"Yafunike blanketi. Kwani kuku ana umeme?"

"Kuku anayalalia. Utayalalia wewe?"

Akajifanya anafuta miwani.

Nikayafunika kwa mablanketi mawili, moja nimelivua kitandani upande wake. Mimi shule niliishia la saba, lakini kichwa changu hakitupi kitu. Mwaka tulipomwoza kitinda mimba, nyumba ilijaa wageni na taa hazikuzimwa. Mwezi ule tulikula uniti 163. Yeye alikuwa ghalani, aliyelipa ni mimi. Bili ile nilikuwa nimeitandika kabatini chini ya vikombe. Bei zilikuwa hizihizi.

"Soma," nikamwambia.

"Elfu thelathini na nne, mia tano na hamsini."

"Kwa hesabu yako ingekuwa ngapi?"

Akapiga kwa kalamu. "Elfu hamsini na saba na hamsini. Basi walikosea."

"Walikosea kwa faida yetu? Umewaona lini?"

Akachukua zile kumi na tatu zilizozidi peke yake, akazidisha kwa mia tatu na hamsini, akapata 4,550. Akajumlisha na elfu thelathini. Akaiangalia bili, akaangalia daftari, akapanda kigoda na kuwasha swichi.

Mwezi uliisha mita ikiwa 7,371. Uniti saba za juu zilitugharimu 2,450, jumla 32,450. Vifaranga walitoka arobaini na mmoja, na mzee akawaonyesha majirani akisema, "Hawa tumewaangua kwa uniti saba tu." Tumewaangua, ati. Blanketi lake sikumrudishia mpaka alipolifua mwenyewe.