Nani Anasema Ukurasa wa Kumi na Nne

Rangi nyekundu ndiyo iliyonitia shaka kwanza.

Siku hizo nilikuwa na shahada ya sheria, muswada wa riwaya usiokwisha, na kiti katika ofisi ya wakili mmoja pale Kimandolu. Dirisha letu lilitazama Mlima Meru, siku ambazo mlima umekubali kutazamwa. Tulikuwa watatu: wakili mwenyewe, mama wa Kichaga tuliyemwita bosi, mwenzangu wa meza ya pili, aliyenitangulia kazini miaka minne, na mimi, ambaye wote wawili waliniita "mwandishi" kwa namna ambayo haikuwa sifa.

Kazi yetu ilikuwa kuzichora hukumu. Hukumu mpya ikitoka, tunaisoma na kuorodhesha maamuzi yote ya zamani iliyoyagusa, kisha kila uamuzi unapewa rangi. Kijani, mahakama imeufuata. Njano, imeutofautisha: haikusema una kosa, imesema tu kwamba mambo ya shauri lile si mambo ya shauri hili. Nyekundu, imeutupa, usifuatwe tena. Kijivu, umetajwa tu kama jirani anavyotajwa kwenye mazungumzo. Pembeni ya rangi tunaandika ukurasa na maneno yenyewe, ili bosi asisimame mbele ya jaji na kuegemea ukuta uliokwisha kubomolewa.

Mama mmoja wa Nkoaranga, mteja wetu, alikuwa ameegemea ukuta mmoja tu. Zamani mumewe alimkaribisha binamu yake ajenge upande wa chini wa kihamba, shamba lao la urithi, penye migomba na safu mbili za kahawa. Mume akafa, akazikwa huko huko chini. Binamu akakaa zaidi ya miaka kumi na miwili, kisha akasema eneo ni lake kwa kuwa amelikalia muda wote huo. Baraza la ardhi lilimpa mama ushindi. Binamu akakata rufaa Mahakama Kuu. Kinga ya mama ilikuwa uamuzi wa zamani wa Mahakama ya Rufani, ambao Mahakama Kuu haina ruhusa ya kuukwepa: aliyekaribishwa kwenye ardhi hageuki kuwa mwenye ardhi kwa kukaa sana.

Upande wa pili wakaleta hoja zao za maandishi, wameambatisha hukumu mpya ya Mahakama ya Rufani, ya Kiswahili. Mwenzangu akaichora. Ule uamuzi wa zamani akaupaka nyekundu, ukurasa wa kumi na nne. Bosi alitazama jedwali, akavua miwani, akampigia mama simu. Waonane Alhamisi, kuna hati ya mapatano ya kusaini. Upande wa chini uende kwa binamu, mama abaki na nyumba na upande wa juu. Na kaburi je, mama akauliza? Bosi alisema tutaomba njia ya kupita.

Kilichoninyima usingizi hakikuwa sheria. Nilisumbuliwa na jambo dogo. Jumatatu ile nilikuwa nimemwona mwenzangu kwenye kantini ya nyuma ya mahakama, akinywa chai na karani wa wakili wa binamu, wanacheka. Na jedwali lake, ambalo kwa kawaida humchukua siku mbili, lilikuwa tayari kabla ya chakula cha mchana. Nikaanza kumtazama anavyoinama, anavyofunga droo. Hata alivyonikaribisha karanga niliona kuna kitu anakifunika.

Jumatano alipotoka kwenda kupiga mihuri, nilichukua ile hukumu mezani kwake. Majina ya majaji yalikuwa matatu. Hilo peke yake lilinigutusha, maana Mahakama ya Rufani ikitaka kuutupa uamuzi wake yenyewe, kwa kawaida huketi majaji watano. Nikafungua ukurasa wa kumi na nne. Juu kabisa paliandikwa: "uamuzi ule ulipotoka tangu mwanzo na hauna budi kuachwa."

Niliisoma kwa sauti ndogo, kama ninavyosoma sentensi zangu. Haikukaa mdomoni. Majaji nao hukasirika, lakini hasira yao huvaa koti kwanza. Hii ilikuwa na shati wazi. Tena ilianza kwa herufi ndogo. Mkia wa sentensi, kichwa hakipo. Nikarudi nyuma kutafuta kichwa. Nikakuta ukurasa wa kumi na mbili.

Mwenzangu alirudi akanikuta nimeishika.

"Kaka, ukurasa wa kumi na tatu uko wapi?"

"Uko hapo."

"Hapa kuna kumi na mbili, halafu kumi na nne."

Akasogea, akalamba kidole, akafunua mara mbili. "Basi mashine imeruka. Wewe mwandishi unataka kila kitu kiwe na njama."

"Nakala hii umeitoa wapi?"

"Imeambatishwa kwenye hoja zao. Ningeitoa wapi, sokoni Kilombero?"

"Na yule karani wao unayekunywa naye chai?"

Aliweka kalamu chini taratibu. "Tulipata kipaimara siku moja, kanisa moja. Nisinywe naye chai kwa sababu wewe unaandika riwaya?"

Niliipakua hukumu yote kutoka mtandao wa mahakama, tukasimama wote wawili kwenye skrini. Mwisho wa ukurasa wa kumi na tatu ulikuwa hivi: "Wakili msomi wa mrufani alisisitiza kwamba". Kisha ukurasa unageuka. Aliyesema uamuzi ulipotoka hakuwa mahakama, alikuwa wakili akiomba. Mahakama yenyewe ilizungumza ukurasa wa kumi na tisa, kwa upole: katika shauri lililo mbele yao mgeni alikaribishwa kwanza, halafu akapewa eneo mbele ya ukoo, kwa maandishi, kwa hiyo uamuzi wa zamani hauhusiki na mazingira hayo. Njano. Na binamu wa Nkoaranga hakuwahi kupewa chochote mbele ya mtu yeyote.

Mwenzangu alifuta nyekundu mwenyewe. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Sikujua ni jasho la aibu au la kukamatwa.

Alhamisi mama alikuja na kitenge cha kanisani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakaa ukingoni mwa kiti. Hati ya mapatano ilikuwa bado mezani. Bosi akamweleza.

"Kwa hiyo ule uamuzi haujafa?" mama akauliza.

"Haujafa, mama. Waliuweka pembeni kwa shauri lile tu."

"Na nani aliniambia umekufa?"

Mwenzangu alitazama dirishani. Bosi alisema, "Sisi."

Mama aliirudisha hati upande wa bosi kwa kidole kimoja. "Basi mimi sisaini. Na kesi za wengine, someni kurasa zote."

Tulijibu hoja zao tukiambatisha hukumu nzima. Miezi ilipita, hukumu ya mama ikatoka, nami ndiye niliyeichora. Kwenye kila aya nilijiuliza kwanza nani anasema, ndipo nikatafuta anachosema. Jaji aliufuata ule uamuzi wa zamani, ukurasa wa kumi na moja, kwa sauti yake mwenyewe. Nikaupaka kijani. Kihamba kikabaki kizima, na kaburi ndani yake.

Kama ukurasa ule uliruka kwenye mashine au ulichomolewa, na kama ulichomolewa ni kabla au baada ya chai, sijajua mpaka leo. Tangu siku ile mwenzangu huniwekea kila hukumu mezani ameshaandika namba za kurasa kwa penseli, pembeni, moja baada ya nyingine. Mimi huzihesabu upya. Naye hukaa akinitazama ninavyohesabu.