Ua Langu Lililokatwa

Nilifika kituo cha polisi nimejipanga kama mtu anayekwenda kutoa hotuba ya harusi. Dereva wa trekta la miwa alikuwa ndani ya seli. Trela lake lilikuwa limepasuka gurudumu mbele ya boma langu, na jioni pikapu ikaligonga kwa nyuma. Mwenye pikapu alivunjika mguu, akasema hapakuwa na onyo lolote barabarani. Mke wa dereva alikuwa kwenye benchi pale nje, mtoto mgongoni, akinitazama mimi tu.

"Andika," nikamwambia konstebo, "huyo ni mtu mzuri sana. Kanisani hakosangi."

Konstebo hakuinua kalamu. "Mama, hiyo hata mke wake angesema. Wewe uliona nini?"

"Pikapu ilikuja kwa kasi kama ya shetani!"

"Uliiona ikija?"

Ikabidi niseme ukweli. Nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Nilisikia kishindo, nikatoka mbio na mwiko mkononi. Akaandika hivyo: alisikia, akatoka. Kasi ikaachwa, shetani naye akaachwa. Hotuba yangu yote ikabaki mifupa, na nilikasirika kweli.

"Kabla ya kishindo, ulimwona dereva?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimekusudia kuparuka. Nilikuwa nimemwona, tena tulitukanana. Alikuwa amekata ua linalozunguka boma langu, ile miti ya amalulu yenye maua ya manjano, bila hata kubisha hodi. Ningeyasema hayo vipi, na mkewe yuko mlangoni? Si ningeonekana adui yake?

"Tuligombana," nikasema kwa sauti ndogo. "Alikata ua langu."

Kalamu ikasimama. "Akapeleka wapi?"

"Si aliweka huko nyuma ya trela! Matawi mengi barabarani, mpaka karibu na lango la jirani. Nikamwambia, leo ng'ombe wangu wataingia barabarani kwa sababu yako!"

"Na ulipotoka baada ya kishindo?"

"Jua lilikuwa halijazama. Matawi yangu yamekanyagwa na magurudumu ya pikapu, maua yamepondwa. Hapo nikakasirika mara ya pili."

Konstebo akaandika bila kuniangalia. Kisha akanisomea yote polepole, akaniuliza kama kuna cha kurekebisha. Niliomba yale matusi yaondolewe. "Hayo ndiyo yanaonyesha hukuja kumtetea," akasema. Nikatia sahihi.

Shtaka la kuacha trela bila onyo halikuendelea, maana matawi yangu ndiyo yalikuwa onyo. Dereva alitozwa faini ya kukosa vile vibao vyekundu vya pembetatu, basi.

Msimu uliofuata trela likakwama tena, mbele kidogo ya boma langu. Nikasikia hodi langoni. Alikuwa amesimama na panga, kofia mkononi.

"Mama, naomba nikate."

"Kata," nikamwambia. "Na leo uyatandaze mpaka ulipite lile lango la jirani."