Kilo Tatu za Mvuke Zilizomwangukia Nedo

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Ukikaa miaka mingi mbele ya geji, unajifunza kwamba kila kitu kinaweza kukudanganya, na watu ndio wa kwanza. Ila Nedo Bargellini nilikuwa sijawahi kumshuku. Kazi yake ilikuwa kufuata mabomba ya mvuke yanayoshuka kutoka visima vinavyotoa mvuke wa ardhini hadi kituo chetu cha umeme cha Fonte Cupa, kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe. Alikuwa mrefu, mwenye maringo kidogo, kofia imeinamia jicho moja, na akiweka kiganja juu ya bomba alikuwa akilisemesha kama mtu anavyomsemesha punda wake. Tulimcheka, naye alifurahi kuchekwa.

Halafu Aprili umeme ukapungua.

Kilimani kwetu, umeme ukipungua mtu haulizi mashine. Anauliza nani ameiba mvuke. Babu zetu walitoboa mabomba ili wapate maji ya moto ya kuogea na kuchunia nguruwe, na kila familia ina hadithi yake, ingawa kila familia huisimulia kama hadithi ya jirani. Kwa hiyo hata kabla injinia hajafungua mdomo, sote tulikuwa tumeshaanza kutazamana.

Injinia ni Doriana Chelli, binti wa hapa hapa, mwenye sauti ya kukata. Alitukusanya chumba cha mitambo, Nedo akiwa amesimama mlangoni na matope yake.

"Mita za visimani zinasema tunapata kilo thelathini za mvuke kila sekunde," alisema. "Kila kilo ikipita kwenye tabini na kuizungusha inaacha nguvu ya kilojuli mia tano na ishirini na tano. Zidisha. Ni kilowati elfu kumi na tano, mia saba na hamsini. Mashine inatoa ngapi, Fiorenza?"

"Elfu kumi na nne na mia moja," nilijibu.

"Basi kilowati elfu moja mia sita na hamsini hazipo. Gawa kwa mia tano ishirini na tano. Kuna kilo tatu na ushei kila sekunde zinatoka kisimani na hazifiki hapa. Zinaishia wapi?"

Macho yote yalikwenda mlangoni. Kati ya mita za visimani na kituo kulikuwa na tawi moja tu la bomba, linalopeleka mvuke kiduchu, kwa ruhusa, kwenye kiwanda kidogo cha jibini. Mwenye kiwanda ni Alvara, dada yake Nedo. Na mwenye ufunguo wa vali ile alikuwa Nedo.

"Mbona mnanitazama mimi?" Nedo aliuliza.

"Hatukutazami," alisema Doriana.

"Mnanitazama. Fiore, hata wewe?"

Niligeukia geji zangu. Kusema kweli, nilikuwa nimeanza kukumbuka mambo: mwaka ule Alvara alinunua sufuria kubwa mpya, na Nedo alikuwa na viatu vipya. Shaka ikishaingia, hata viatu vinakuwa ushahidi.

Doriana alimnyang'anya ufunguo. Alimwambia akae nyumbani mpaka mambo yajulikane, na kama mvuke ungeonekana umeibwa, asirudi kabisa. Vali ya tawi la jibini ilifungwa kwa mnyororo.

Kesho yake Alvara alikuja getini na ndoo ya maziwa ya kondoo yaliyokuwa yamechacha. Ni mwanamke mnene, mwenye hasira za haraka, na hakungoja kukaribishwa; aliingia moja kwa moja hadi chumba cha mitambo.

"Haya, Doriana! Mmenifungia mvuke, maziwa yangu wanayanywa nguruwe. Umeme wenu umepanda?"

Doriana aligeukia geji.

"Nakuuliza wewe binti! Umepanda au haukupanda?"

Haukuwa umepanda. Sindano ilisimama pale pale, elfu kumi na nne na mia moja. Mimi moyoni nikasema, basi Nedo ametoboa kwingine, mjanja huyu. Hivyo ndivyo akili ya kushuku inavyofanya kazi: haikubali kushindwa, inahama tu.

"Na mtu mwenye akili angejua," Alvara aliendelea, "kilo tatu kila sekunde ningezipeleka wapi? Ningechemsha kijiji kizima na kanisa lake!"

Hapo Doriana aliinua kichwa. Nilimwona akitulia, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa.

"Fiorenza, presha ya mvuke mlangoni mwa tabini ni ngapi?"

"Sita. Kama siku zote."

"Na vali za kuingizia ziko wazi zote?"

"Wazi kabisa."

Alikaa chini. "Basi mimi ni mjinga," alisema, na alikuwa hatanii. "Mvuke ungepungua kwa sehemu moja ya kumi, presha hapo mlangoni ingeshuka hivyo hivyo. Haijashuka. Kilo thelathini zote zinafika. Mimi nimegawa kwa mia tano ishirini na tano kana kwamba namba hiyo imeandikwa kwenye jiwe. Nimehesabu mvuke unaoingia, sikuuliza unatoka ukiwa bado na nguvu kiasi gani."

"Geji ya kipoza mvuke iko sawa," nilisema, maana geji ya tangi lile linalogeuza mvuke kuwa maji baada ya tabini ilikuwa yangu. "Sifuri nukta sifuri nane. Haijatikisika."

"Tangu lini haijatikisika?"

Geji iliyo hai haikosi kutikisika kidogo. Tulishuka chini ya tabini, mahali mvuke unapotokea kuingia kwenye kipoza, penye kipimajoto cha zamani ambacho hakuna mtu anayejisumbua kukisoma. Kwa presha ile tuliyoonyeshwa na geji, mvuke ulitakiwa kuwa na joto la nyuzi arobaini na moja hivi. Kilisoma hamsini na mbili.

Kijibomba cha geji kilikuwa kimezibwa na salfa. Tulipokizibua, sindano iliruka hadi sifuri nukta moja nne. Mvuke wetu huja na gesi zisizogeuka maji, nazo lazima zinyonywe kutoka kwenye kipoza. Mashine ya kunyonya ilikuwa imeziba kwa salfa ile ile, gesi zikarundikana, presha ikapanda upande wa kutokea. Mvuke haukupata nafasi ya kutanuka mpaka mwisho. Kila kilo ilikuwa ikiacha kilojuli mia nne na sabini tu kwenye tabini, na iliyobaki ikienda kupasha maji ya kupozea. Thelathini mara mia nne sabini ni elfu kumi na nne na mia moja. Hakuna hata tone lililoibwa.

Mashine iliposafishwa, umeme ulirudi. Mnyororo uliondolewa, na Doriana alikwenda mwenyewe kwa Nedo, akampa ufunguo mbele ya Alvara, akasema nimekosa, bila kuzungukazunguka. Nilimheshimu kwa hilo.

Nedo alirudi kazini. Hakununa, hakumtukana mtu. Ila asubuhi ya kwanza alikuja kusimama mlangoni pa chumba changu.

"Nakwenda kufungua vali ya jibini," alisema. "Nani anakuja kuniona?"

"Nenda tu, Nedo. Yamekwisha hayo."

"Hapana, Fiore. Nani anakuja?"

Nilidhani ni utani wa siku moja. Lakini ikawa hivyo kesho yake, na majira ya baridi, na mwaka uliofuata. Hakugusa tena vali peke yake. Wakati mwingine alikwenda Doriana, mara nyingi nilikwenda mimi, tukipanda kile kilima chenye harufu ya mayai viza, yeye mbele, hasemeshi bomba wala hasemi nami. Akifika, anaushika usukani wa vali kwa mikono miwili, halafu anangoja, hageuzi, mpaka nimtazame.