Flopi ya Habari za Wapagazi

Nimeandika jambo hili mara kadhaa nikachana karatasi, kwa sababu kila nikisoma naona nimempendelea mmoja. Shule yangu ni darasa la saba na kozi ya kutaipu. Kusimama katikati ya watu wawili kwa kalamu sijafundishwa. Najaribu tena.

Nina steshenari Tabora mjini, njia ya kwenda stesheni. Natoa kopi, nalaminisha vyeti, nataipu barua za kuomba kazi. Nina pia kisomeo cha flopi, zile diski bapa za zamani, kile cha kuchomeka kwa waya kwenye kompyuta, nilichoachiwa na mstaafu mmoja wa ofisi. Wateja wakikiona hucheka, wananiuliza kama nauza na taa za chemli.

Siku hiyo aliingia mama mtu mzima, rika langu, amemshika mkono baba yake. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Yule mama alimkalisha kwenye benchi, akamfuta kwenye viatu vumbi la Igalula, kijijini walikotoka, halafu akafungua fundo la kanga na kutoa flopi mbili zilizofungwa ndani ya mfuko wa sukari.

"Dada, naomba nijue kitu kimoja tu," alisema. "Humu mna maneno au hamna?"

"Hamna," mzee akadakia. "Aliyaua huyu. Nilimpa kitabu, akanirudishia uji."

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole kabisa, kama si yeye aliyetoka kusema vile.

Nilielezwa na wote wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Mzee alikuwa katekista. Ujana wake wote alizunguka kwa miguu vijijini kuwauliza wazee habari za babu zao waliobeba pembe za ndovu mpaka pwani na kurudi na nguo. Binti yake, akiwa msichana, ndiye aliyezitaipu kwenye kompyuta ya parokia, akatia nakala kwenye flopi mbili. Mzee akaipeleka moja mjini kwa wachapaji. Karani wa pale akaifungua kwenye mashine yake, akaona vurugu, akamwambia aliyetaipu kaharibu kila kitu. Kurudi nyumbani, kompyuta ya parokia ilikuwa imeshakufa na padri kahamishwa. Hapakuwa na pa kuhakikishia.

"Na makaratasi yaliyoandikwa kwa mkono?" niliuliza.

"Nilichoma," mzee alisema. "Ningeweka ya nini? Si yalikuwa kwenye kompyuta!"

Alimtoa binti kwenye kutaipu siku ile ile, mbele ya wageni waliokuja kusikia kitabu kinasomwa. Tangu hapo mtu akiharibu kitu pale nyumbani, chungu kikipasuka au ndama akifa, husemwa "ametaipu." Mama yule alinieleza hili akitabasamu, nami nikaona haya ya kumtazama.

Nilifungua kizibo cha bati cha flopi ya kwanza kwa ukucha. Utando ulikuwa na unga mweupe wa ukungu. Hiyo sikuthubutu kuiingiza, maana ukungu ukigusa kichwa cha kusomea unakwaruza na flopi itakayofuata. Ya pili ilikuwa safi. Nilisogeza kile kijino cha pembeni mpaka tundu likaonekana, ili kompyuta isiweze kuandika chochote juu yake, nikaiingiza. Ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Halafu mafaili yakatokea. Nikayanakili yote kabla ya kufungua hata moja.

Nilipofungua, nilitaka kusema kama karani yule. Haki yake nimpe: hata mimi niliona uji. Kwenye kioo palikuwa na:

Babõ yetõ alibebá pembå

"Si unaona?" mzee akauliza. "Sema tu, mwanangu. Huyu kazoea."

Niliangalia muda mrefu. Sikuwa na uhakika, na sina hata sasa ninapoeleza, lakini niliona kwamba ubovu uko sehemu moja tu: herufi ya mwisho ya neno. Mbele ya hapo neno zima liko sawa. Ndipo nikakumbuka programu tuliyofundishiwa kwenye kozi, ile ya kioo cheusi. Ili kunyoosha ukingo wa mistari ilikuwa inatia alama yake ndani ya herufi ya mwisho ya neno. Kwenye programu yenyewe huioni. Ukifungua kwa programu nyingine, herufi inageuka kitu kingine.

Nikaanza kubadilisha kwenye ile nakala. Kila å iwe e. Kila õ iwe u. Kila á iwe a. Mistari ikawa inajisafisha yenyewe machoni pangu.

"Babu yetu alibeba pembe," nilisoma kwa sauti, "na mkewe akabeba sufuria nyuma yake, na kila jioni aliyefika wa kwanza ndiye aliyechagua pa kulala."

Yule mama alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. "Yapo," alisema. "Baba, yapo. Sikuharibu."

Nilisoma ukurasa, nikasoma mwingine. Mzee alikuwa ameinua uso. Midomo yake ilikuwa inatangulia maneno. Nilidhani anatafuta la kumwambia mwanawe, na kusema kweli nilipunguza sauti ili nimpishe.

"Hapo pana kosa," alisema. "Si sufuria. Chungu. Nilimwambia chungu."

"Baba."

"Nilisema siku zote kitabu changu kipo. Watu wakanicheka." Akanigeukia mimi. "Mwanangu, kichape, na juu uweke jina langu kwa herufi kubwa."

"Baba, nasubiri neno moja," mama alisema. Hakupaza sauti.

"Neno gani? Kama ulijua yapo, mbona ulininyamazia miaka yote hii mpaka macho yameisha? Nisome kwa kitu gani sasa, kwa masikio?"

Nimejiuliza kama ni haki kuandika hili bila kusema la upande wa mzee. Alidanganywa na karani aliyemwamini kwa sababu ana kompyuta, naye alikuwa ameshachoma kazi ya miguu yake mwenyewe. Hayo ni kweli. Na lingine ni kweli, kwamba alikuwa na nafasi, na akaitumia kusahihisha chungu.

Mashine ilichapa. Mama akazipanga karatasi vizuri, akazigonga juu ya meza zilingane, akamwekea baba yake mapajani.

"Kitabu chako hicho, baba. Umesema nilikiua. Haya, kimefufuka. Jisomee."

Akatoka. Niliona kupitia mlangoni akisimamisha bajaji. Nilimwita, hakugeuka.

Mzee alidhani amekwenda kununua maji. Alizipapasa zile karatasi kama mtu anayetafuta upande wa kushika. Baadaye aliuliza, "Amerudi?" Nikasema bado. Akaniambia basi niendelee kumsomea mimi, pale tulipoishia.

Nilisoma. Nilifika kwenye nyimbo, na nyimbo ziko kwa Kinyamwezi cha zamani. Mimi mama yangu alikuwa Mmanyema, na maneno yale nayatamka kama mgeni.

"Siyo hivyo," mzee alisema. "Unaua. Yeye ndiye anajua kuzisoma hizo. Mwite."

Sikuwa na namba yake. Nilimwambia hivyo. Alikaa na karatasi zake mapajani, wateja wanaingia na kutoka, wanamwamkia, naye anaitikia marahaba huku akigeuza kichwa kila nyayo za mwanamke zikisikika mlangoni.