Dada Aliyelinda Barua za Mkurugenzi

Pale Ikungi, karibu na ofisi za wilaya, nina kibanda cha steshenari. Natoa kopi, nachapa, na zaidi ya yote nawaandikia watu barua: za kuomba kazi, za kulalamikia mipaka ya mashamba, za kuomba uhamisho. Kwa hiyo mtu akianza kunifundisha barua, huwa nanuna. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na kwa kiasi fulani bado niko hivyo, ila sasa namtoa katika hesabu hiyo mtu mmoja ambaye hata sura yake siijui.

Kijijini kwetu zahanati haikuwa na maji. Mwanamke akienda kujifungua alibeba khanga, nepi na dumu la maji kichwani, au alibebewa na wenzake. Niliwahi kumbebea wifi yangu alipomzaa mtoto wake wa kwanza. Maji yaliisha kabla muuguzi hajanawa mikono vizuri, nami nilikimbia nyumba hadi nyumba nikiomba kama mtu anayeomba moto. Siku ile nililia kwa hasira. Tangu hapo nikakubali kuwa katibu wa kamati ya kisima, kazi ambayo kila mtu alikuwa anaikwepa.

Kamati ilifanya yote iliyopaswa kufanya. Michango ilikamilika, wataalamu wa maji walikuja wakapima na kuacha kigingi cha kuonyesha pa kuchimba nyuma ya zahanati, na kibali cha kuchimba kilikuwa ndani ya faili. Kilichokosekana ni mtambo wa kuchimbia. Kila kampuni tuliyoiuliza ilisema haiwezi kuuleta hadi huku kwetu kwa ajili ya kisima kimoja.

Halafu mtambo ukaja wenyewe, lakini kwa jirani. Mfugaji mmoja tajiri wa kijiji cha pili alikuwa anachimbiwa kisima cha ng'ombe wake. Nilikwenda na mwenyekiti wetu, ambaye ni baba yangu mdogo, tukasimama tukitazama lile lori likizamisha vyuma ardhini na vumbi jeupe likiruka. Msimamizi wa mtambo alikuwa mtu mwelewa. Alisoma kibali chetu na ripoti ya upimaji, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Kazi hii naiweza, mama. Lakini Jumamosi natakiwa niwe njiani kwenda Tabora. Kugeuza mtambo si uamuzi wangu, ni wa mkurugenzi wa kampuni mwenyewe, Dar es Salaam. Nilimwombea mteja mwingine wiki iliyopita, nikaambiwa mteja aandike mwenyewe."

Akaniandikia anwani ya barua pepe na namba ya ofisi. Kisha akaongeza, "Ila barua zake zote zinapita kwa dada mmoja, msaidizi wake. Ukimpita yule, umefika."

Neno hilo la kumpita ndilo lililotuponza.

Baba mdogo ni tarishi mstaafu. Alibeba barua za serikali kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, tangu nikiwa mtoto. Usiku huo kamati ilipokaa, alisimama akaeleza alivyoijua ofisi. Barua ya kawaida, alisema, inalala masjala hadi inaota ukungu. Lakini barua iliyopigwa muhuri wa SIRI, ndani ya bahasha mbili, hakuna karani anayeigusa. Yeye mwenyewe alikuwa akiipeleka moja kwa moja hadi mkononi mwa bwana mkubwa, na milango yote ilifunguka.

"Andika SIRI, mwanangu," akaniambia. "Andika na BINAFSI. Huyo dada hataishika."

Wazee wote wakaafiki. Nami, fundi wa barua, nikaona ni akili kubwa. Niliandika kurasa mbili zilizonyooka: salamu kutoka kwa wanakijiji, historia ya zahanati tangu msingi, shukrani kwa kampuni kwa mchango wake katika maendeleo ya taifa, na mwishoni kabisa ombi letu. Juu yake nikaweka: SIRI NA BINAFSI, KWA MKURUGENZI MTENDAJI PEKEE. Nikaituma, nikajisifu.

Kimya. Siku iliyofuata, kimya. Msimamizi wa mtambo alipita dukani kwangu kutoa kopi, akaniambia kisima cha mfugaji kimeshatoa maji na vijana wake wanasafisha vyuma. Nikaifungua simu nikapiga ile namba ya ofisi.

Aliyepokea alikuwa na sauti ya chini, isiyo na haraka. Nilijieleza. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta.

"Nimeiona barua yako, dada. Iko hapa tangu ulipoituma. Sijaifungua."

"Hujaifungua?"

"Imeandikwa binafsi. Barua za binafsi za mkurugenzi sina ruhusa ya kuzisoma. Naziweka pamoja, anazisoma mwenyewe akiwa ofisini. Sasa hivi yuko safarini, anarudi wiki ijayo."

Nilipandwa na hasira zangu zote za siku zote. Nikamwambia wiki ijayo mtambo utakuwa Tabora. Nikamwambia kuna kibali, kuna upimaji, kuna kigingi kinachoanza kuoza nyuma ya zahanati. Nikamwambia habari za wifi yangu na dumu, na jinsi muuguzi alivyopangusa mikono kwa khanga kwa kukosa maji, na kwamba wifi huyo huyo ana mimba nyingine na nitambebea dumu lingine. Sikumpa nafasi ya kupumua. Nilitegemea akate simu, kwa kuwa mimi ningekata.

Hakukata. Aliponisikia nimemaliza, akasema taratibu, "Pole sana. Sasa hayo uliyoniambia, niandikie mimi. Usimwandikie yeye."

"Wewe?"

"Mimi ndiye ninayesoma. Kwenye kichwa cha habari weka jambo lenyewe na siku ya mwisho. Sentensi ya kwanza iwe ombi. Liwe swali ambalo anaweza kulijibu ndiyo au hapana akiwa amesimama. Weka jina na simu ya msimamizi, ambatanisha kibali na ripoti. Huko safarini mkurugenzi akitoka kwenye kikao, anashika simu yake muda mfupi sana kabla ya kingine kuanza. Hapo ndipo nitakapoiweka."

Nilibaki na simu mkononi hata baada ya yeye kuaga. Mwanamke huyu alikuwa amekaa mbali kule, kwenye jengo nisilolijua, lakini alijua lini mtu mwingine atanyanyua macho, na ni maneno mangapi yatakayotosha kwenye macho yale. Nimeandikia watu barua miaka mingi, lakini nilikuwa sijawahi kufikiri juu ya mtu anayezisoma akiwa amesimama. Nilishangaa hadi nikasahau mteja aliyekuwa anangoja kopi zake.

Baba mdogo alipofika, nilikuwa nimeshaandika. Akavaa miwani, akasoma kwenye kompyuta, akashtuka.

"Hata salamu hakuna? Tutaonekana watu wa porini!"

"Salamu nimempa kwa simu."

"Na historia ya zahanati?"

"Baba mdogo, hiyo historia imelala sandukuni tangu juzi."

Akaomba niweke walau "Habari za kazi, dada." Nikaweka. Barua yote ilikuwa hivi:

"Kichwa: Ombi la kisima kimoja Ikungi kabla mtambo haujaondoka Jumamosi. Habari za kazi, dada. Tunaomba mkurugenzi aruhusu mtambo ulioko kijiji jirani utuchimbie kisima kimoja cha zahanati kabla haujaenda Tabora. Kibali, ripoti ya upimaji na malipo viko tayari. Msimamizi amekagua na anasema anaweza. Je, aruhusiwe, ndiyo au hapana? Simu ya msimamizi na yangu ziko hapa chini."

Nilipobonyeza kutuma nilijisikia uchi kidogo, kama mtu aliyetoka nyumbani bila khanga ya pili.

Jibu lilikuja nikiwa napasha moto makande ya mchana. Lilitoka kwa yule dada, nakala kwa msimamizi: "Mkurugenzi ameruhusu. Tafadhali endeleeni." Chini ya maneno hayo kulikuwa na jibu la mkurugenzi mwenyewe, neno moja tu: "Wachimbe." Na chini yake zaidi, kwa sababu barua pepe hubeba mkia wake wote, yalikuwepo maneno ambayo dada aliyaandika alipompelekea. Sijui kama alikusudia niyaone. Alikuwa ameandika:

"Mkurugenzi, naomba usome hii kabla hujaingia. Nimeongea na mama huyu. Wanawake wao wanakwenda kujifungua wamebeba maji kichwani. Mtambo uko jirani nao."

Nikakaa chini. Sikuwa nimeyaandika yale. Kwenye barua yangu hakukuwa na mwanamke hata mmoja, nilikuwa nimeyakata yote kama alivyonifundisha. Yeye aliyachukua kutoka kwenye kelele zangu za simu, akayabeba, akayaweka mahali pake. Na mimi nilikuwa nimemhesabu kuwa mlango wa kuvunjwa. Machozi yalinitoka, na safari hii si ya hasira.

Nilimsomea baba mdogo. Akaomba nirudie. Mzee yule, aliyebeba bahasha maisha yake yote bila kujua kilichomo, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe alikusikia." Kisha akatoka kwenda kumtafuta mwenye trekta, maana njia ya zahanati ilikuwa na korongo la kufukia kabla lori halijapita.

Mtambo ulifika Ijumaa. Kijiji kizima kilisimama nyuma ya zahanati, na maji yaliporuka juu yakiwa bado na tope, hakuna aliyepiga vigelegele mara moja. Muuguzi alinyoosha mikono yote miwili akaiacha ilowe hadi viwikoni.

Pampu na tangi vilikuja baadaye, na majibu ya maabara yakasema maji yanafaa. Wifi yangu uchungu ulipomshika, alitoka nyumbani na dumu kichwani kwa mazoea. Muuguzi akamwambia aliache nje. Alizaa msichana, na mtoto akaoshwa kwa maji ya bomba lililo ukutani.

Jioni hiyo nilifungua kompyuta ya dukani nikamwandikia yule dada. Kwenye kichwa niliweka BINAFSI, kwako wewe peke yako. Ndani nikaandika: "Wifi amejifungua leo. Hakuhitaji dumu. Hii usimpelekee mtu yeyote, ni yako."

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, wakati ambao nadhani ndipo anapofungua sanduku la barua pepe la mkurugenzi na kuanza kupanga za watu.

"Nimeisoma mara nyingi," aliandika. "Miaka yote niliyokalia kiti hiki, dada, hii ndiyo barua ya kwanza kuandikiwa mimi."